Jalada la riwaya ya jahazi: ujumbe wangu kwa mteja kuhusu prompti na raundi za marekebisho. Nisomeeni kabla sijautuma

Mchoraji_Mkomani

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mimi huchora majalada ya vitabu hapa Lamu. Kwa miaka mingi nilichora kwa mkono mtupu, lakini siku hizi baadhi ya kazi naanzia kwenye programu ya akili mnemba ya kutengeneza picha, kisha namalizia kwa mkono. Sasa nimepata mteja mpya, mwalimu mstaafu, ambaye ameandika riwaya ya mabaharia waliobeba boriti kutoka visiwa vyetu. Hajawahi kufanya kazi na mtu anayetumia programu hizi.

Kazi yangu iliyopita iliniumiza. Mteja wa wakati ule aliipenda picha ya kwanza kabisa, akaniomba kitu kimoja tu: chombo kisogee kushoto kidogo. Nikaongeza neno kwenye prompti, nikaendesha tena, ikatoka bahari nyingine, mawingu mengine na chombo kingine. Akaniambia, "Hapana, nataka ile ile, ila kushoto." Tulizunguka hivyo wiki mbili mpaka tukachokana. Kosa lilikuwa langu, maana sikumweleza mapema kwamba kwenye programu hizi "ile ile, ila" haipatikani kirahisi. Safari hii nimeandika kila kitu kabla ya kuanza. Ujumbe ndio huu:

"Mwalimu, shikamoo. Natumai u mzima pamoja na watu wa nyumbani.

Nimezisoma sura tatu ulizonitumia, na nakubaliana nawe kwamba jalada liwe lile jahazi lenye shehena ya boriti likitoka bandarini, na marehemu baba yako amesimama tezini karibu na usukani. Kabla sijashika kazi nataka ujue nitakwenda vipi, na ni wakati gani neno lako litabadilisha nini.

Picha ya nyuma, yaani maji, mbingu na ufuo wa mikoko wa upande wa Manda, nitaitoa kwenye programu ya kutengeneza picha. Naiandikia maagizo kwa maneno, wenyewe huyaita prompti, nayo hunirudishia picha nne kwa mpigo. Mimi nikichora na nikakosea kamba, nafuta kamba. Programu haifanyi hivyo. Nikibadilisha maneno inaanza upya, na hata vile ulivyokwisha kuvipenda huenda visirudi. Ndiyo sababu mpangilio wa raundi ni muhimu kwetu sote wawili.

Prompti nimezigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mahali pa vitu: chombo kikae wapi, mbingu ichukue kiasi gani. La pili ni mwanga. La tatu ni namna ya kupaka rangi. Nitabadilisha fungu moja kwa wakati mmoja, ili tukipata picha nzuri tujue ni neno gani lililoileta. Ya kuanzia ni hii, na nimeiandika kwa Kiingereza kwa sababu programu ninayotumia inakielewa vizuri zaidi:

```
single-masted wooden cargo boat, one large
triangular sail on a long slanting yard, calm
channel, low mangrove shore, dawn light from
behind the boat, empty pale sky in upper third,
gouache --ar 5:7 --no text, people
```

Theluthi ya juu nimeiacha tupu kwa kuwa ndipo jina la kitabu litakapokaa. Jina lenyewe nitaliandika mimi kwa herufi za kweli. Programu ikiachiwa maneno ya Kiswahili huyaharibu. Na utaona sikuandika neno `dhow`. Nikiliandika naletewa vyombo vya Ghuba vyenye tezi refu la nakshi, mara nyingi na milingoti miwili. Kwa hiyo nimeeleza umbo tu, ili nione chombo kinakaa wapi na mwanga unakipiga vipi. Jahazi lenyewe nitalichora kwa mkono juu yake.

Jambo moja lahitaji jibu lako sasa. Uliomba machweo. Mji wetu unaitazama Manda, upande wa mashariki. Mtu aliyesimama ufukoni akilitazama jahazi, jua linazama nyuma ya mgongo wake. Ukitaka jua liwe nyuma ya tanga, sharti iwe alfajiri. Nimeandika alfajiri. Ikiwa hadithi inadai jioni, tanga litamulikwa kwa mbele na mbingu ya Manda itakuwa ya zambarau, bila jua. Zote mbili zaweza kupendeza, lakini ni picha mbili tofauti.

Raundi ni tatu. Ya kwanza haina programu ndani yake: nitakuletea michoro mitatu ya penseli, midogo kama kadi ya posta. Hapo sogeza chombo, kigeuze, kipunguze, sema lolote, hainigharimu kitu. Ya pili nitakuletea picha sita ambazo nimezichagua mimi kati ya nyingi, na wewe uchague moja. Ukishaichagua tunaifunga, na prompti siiendeshi tena. Ya tatu ni ya mkono: jahazi, boriti, baba yako, rangi na herufi. Kwa raundi hiyo nakuomba uwakusanye kwanza wote ambao ungependa kusikia rai yao, halafu uniletee orodha moja. Ukiirudisha raundi ya pili baada ya kufungwa, itahesabiwa kuwa kazi mpya kwa nusu ya malipo.

Ile picha ya baba yako sitaipakia kwenye programu. Ni ya familia, na sitaki sura yake iingie mahali nisipoweza kuitoa. Nitamchora kwa kuitazama.

Wako, akupendaye kama mzee wake."

Je, kuna kitu nimekisahau? Na sharti la nusu ya malipo ni kali mno kwa mtu wa umri wake?

Dijitali254

Dada, unajitesa bure. Programu hizo zina `--seed`. Ukichukua namba ya picha aliyoipenda ukaiweka kwenye prompti mpya, picha inabaki ile ile. Badilisha maneno, weka namba, basi. Huhitaji kumfunga mteja raundi ya pili.

Kalamu_na_Karatasi

Dijitali254, uko karibu, lakini hujafika. Namba hiyo inashikilia punje za mwanzo tu, zile ambazo programu inaanza nazo kabla haijatokea picha. Ukirudia maneno yale yale na namba ile ile, utapata picha inayofanana sana na ya awali. Lakini ukibadilisha maneno, punje zile zile zinaongozwa njia nyingine. Ukibadilisha neno la rangi, aghalabu umbo hukaa. Ukisema chombo kiwe kushoto, hata mwambao unahama. Mimi naitumia `--seed` kupima mafungu, kama alivyoeleza Mchoraji: ninapotaka kujua kama ni "dawn" au ni "gouache" iliyoleta ule wekundu. Kumsogezea mteja chombo siitegemei.

Njia nyingine ni kuhariri eneo. Unapaka sehemu moja ya picha, programu inatengeneza upya sehemu hiyo peke yake na kwingine kunabaki. Hiyo inafaa sana kumwondoa mtu aliyejitokeza ufukoni au kimashua kilichozuka mbali. Mtego wake ni maji. Watu hufuta chombo wakakisahau kivuli chake majini, jalada linatoka na kivuli cha tanga lisilokuwepo. Pakeni chombo na kivuli pamoja, na mpitilize kidogo.

Kwa hiyo, Mchoraji, sentensi yako ya "prompti siiendeshi tena" ni sahihi, ila mwongezee kwamba vitu vidogo vya pembeni unaweza kuvifuta bila kuifungua picha nzima. Akijua hivyo hataogopa kuchagua.

Mchoraji_Mkomani

Ahsante sana. Hilo la kivuli limeshanikuta na sikujua kosa liko wapi mpaka jalada lilipochapwa kwa majaribio. Nitaongeza sentensi.

Msomaji_wa_Usiku

Raundi tatu ni picha tatu tu? Mbona kidogo? Mimi hotelini kwetu tulimlipa kijana akatupa picha arobaini za ukuta wa mapokezi, tukachagua wenyewe. Mwalimu ataona anapunjwa.

Mchoraji_Mkomani

Hapana ndugu yangu, raundi si idadi ya picha. Ni mara ngapi tunakaa kukata shauri. Katika raundi ya pili mimi huenda nitazame picha mia, nikatupa zenye tanga lililopasuka katikati na zenye mkoko unaoota juu ya maji bila mizizi, nikabaki na sita. Mteja akipewa arobaini huanza kusema "mbingu ya hii, bahari ya ile, chombo cha ile nyingine," na hizo haziunganiki, kwa sababu kila moja jua lake liko mahali pake. Hapo ndipo kazi hufia.

FundiMatondoni

Mimi sijui habari za programu. Mimi ni fundi wa vyombo, kijana wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu. Nimeiona ile picha ya mfano uliyoiweka jana kwenye ukurasa wako, na nasema hivi: hilo si jahazi la Lamu.

Kwanza omo. Jahazi letu omo lake limesimama wima, linakata maji kama kisu. Omo lililolala mbele namna hiyo ni la jahazi la Unguja. Mtu wa hapa ataliona kabla hajasoma jina la kitabu. Pili, foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Ncha yake ya chini inakwenda omoni na ya juu inainuka kuelekea tezi. Katika picha yako ncha ya chini iko nyuma. Chombo hicho hakiendi popote. Tatu, macho. Jahazi la Lamu lina macho mawili omoni, duara limetiwa rangi, moja kila upande. Lako ni kipofu.

Na boriti zenyewe, mwanangu, zile ulizopanga ni magogo. Mikoko ina majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni mti mwembamba ulionyooka, unahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Shehena yake ukiitazama kwa mbali ni kama mistari mingi iliyolazwa pamoja.

Mchoraji_Mkomani

Shikamoo fundi. Nimekaa na ujumbe wako nusu saa. Omo sikuliona kabisa, na mimi nimezaliwa hapa. Nadhani nimetazama picha za programu kwa muda mrefu mpaka jicho langu limezizoea. Foromali nililiona, lakini kila nikieleza kwa maneno linarudi upande ule ule.

Kalamu_na_Karatasi

Halitanyooka kwa maneno. Programu imejifunza kutokana na picha za mtandaoni, na huko vyombo vya michezo vya Ulaya, ambavyo tanga lao limeshikana na mlingoti, ni vingi kuliko majahazi. Ukiandika "triangular sail" inavutwa huko. Ukitaka kujua kama imevutwa, tazama ukingo wa mbele wa tanga: ukiona mlingoti ndio ukingo wenyewe, hilo ni tanga la Ulaya. La kwetu mlingoti unapita nyuma ya kitambaa, na foromali linaukata kwa mshazari. Jambo la pili la kutazama ni upepo. Programu hupenda kuweka bendera inayopepea huku na tanga limejaa kule. Fundi ataliona hilo kwa sekunde moja.

Kwa sababu hiyo nakushauri utoe chombo kwenye prompti kabisa. Omba mkondo wa bahari mtupu, alfajiri, na jahazi lote litoke mkononi mwako. Kupaka rangi juu ya chombo kibovu ni kazi kubwa kuliko kuchora kizuri juu ya maji matupu.

Mchoraji_Mkomani

Hapa nasita. Nikitoa chombo, mwanga wa majini unakuwa hauna kitu cha kuzunguka, na kivuli cha tanga nitalazimika kukibuni. Chombo kibovu kinanisaidia kujua mwanga ungeangukaje. Labda niendeshe zote mbili, nione.

MamaVitabu_Malindi

Mie niko Malindi, nilichapisha kitabu cha hadithi za watoto mwaka juzi. Kwenye simu bahari ilikuwa samawati inayong'aa, kila mtu aliisifu. Vitabu vilipokuja kutoka kwa mchapaji, bahari ilikuwa kama maji ya jivu. Nakala 500, zote. Mchapaji akasema faili ndivyo lilivyokuwa. Mwambie mteja wako asiridhike na simu!

Kalamu_na_Karatasi

Pole sana, Mama. Samawati ile ya skrini inatokana na mwanga, na wino nne za mashine ya kuchapa haziwezi kuitoa. Programu hizi zinapenda sana rangi hizo, ndiyo maana picha zake huwa nzuri zaidi kwenye simu kuliko kwenye karatasi. Dawa ni kuigeuza picha kuwa ya rangi za wino mwanzoni mwa raundi ya tatu, kabla mteja hajaizoea ile ya skrini, na kulipia nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile ya jalada.

Mchoraji, hapo pia ujumbe wako una pengo. Hukusema lolote kuhusu ukubwa. Kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, unapata 154 kwa 216, na ndiyo maana `--ar 5:7` imekutosha vizuri. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 1819 kwa 2551, kama milioni 4.6. Programu nyingi hutoa picha ya karibu pikseli milioni 1. Lazima uikuze, na ikikuzwa inabuni vitu: kamba inagawanyika mbili, majani ya mikoko yanakuwa kama manyoya. Maji na mbingu huvumilia kukuzwa, mambo madogo hayavumilii. Hiyo ni sababu nyingine ya jahazi kuchorwa kwa mkono kwenye ukubwa kamili.

Halafu uti wa kitabu. Kurasa ngapi?

Mchoraji_Mkomani

240. Mchapaji bado hajachaguliwa.

Kalamu_na_Karatasi

Kurasa 240 ni karatasi 120. Karatasi ikiwa na unene wa milimita 0.1, uti ni milimita 12, na jalada zima likifunguliwa ni 314 kwa 216. Lakini karatasi nene kidogo inakupa 14 au 15, na jina lililokaa katikati ya uti linateleza mpaka jalada la mbele. Mwombe Mwalimu achague mchapaji na karatasi kabla ya raundi ya tatu. Picha ya jalada la nyuma usiitoe kwenye programu. Endeleza rangi ya mbingu kwa mkono.

Wino_na_Sheria

Swali ambalo hakuna aliyeuliza: picha itakuwa ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba mwandishi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Hiyo inakupa mahali pa kusimama hapa nyumbani. Kwingine si hivyo. Mwaka 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikubali kulinda maneno na mpangilio wa kitabu kimoja cha katuni, ikakataa picha zake zilizotolewa na Midjourney. Mwalimu akitaka kuuza nje ajue kwamba mbingu na maji huenda visilindwe, ila jahazi ulilolichora ni lako mpaka umuuzie. Andikeni kwenye mkataba ni sehemu gani imetoka wapi, na hifadhi michoro ya penseli yenye tarehe.

Na akiweka kitabu kwenye KDP ya Amazon ataulizwa kama kina picha zilizotengenezwa na akili mnemba, jalada likiwemo. Ajibu kweli.

Dijitali254

Sawa kwa Amazon, wanauliza. Lakini kwa wasomaji wa kawaida mbona aseme? Mpiga picha haandiki ametumia kamera gani.

MamaVitabu_Malindi

Mie ningetaka kujua. Nikinunua kitabu cha Lamu chenye jalada la Lamu nadhani kuna mtu aliyetazama Lamu.

Mchoraji_Mkomani

Hilo nitamwachia Mwalimu mwenyewe, ingawa mimi naelekea upande wa Mama. Ningeandika ukurasa wa ndani: jahazi na watu vimechorwa kwa mkono, mandhari imeanzia kwenye programu.

Na nusu ya malipo? Hamjanijibu.

Kalamu_na_Karatasi

Mimi hutoza robo, na sitozi kitu ikiwa kosa ni langu, kwa mfano omo lililolala. Lakini mimi sina kijana wa kumlipia karo. Amua mwenyewe.

FundiMatondoni

Njoo Jumamosi maji yakitoka. Kuna jahazi limepandishwa kwa ajili ya kutiwa kalafati. Utalichora omo mbele na ubavuni, na macho.

Mchoraji_Mkomani

*Siku kumi na mbili baadaye*

Nimerudi kuwaeleza. Sharti nililiacha nusu, lakini nikaandika kwamba makosa yangu hayahesabiwi. Ujumbe niliutuma pamoja na habari za kufuta vitu vidogo, ukubwa, uti na nakala ya majaribio. Mwalimu alijibu siku hiyo hiyo: alfajiri, kwa sababu mabaharia waliondoka baada ya sala, na jioni ile aliiandika kwa mazoea tu. Sura ameshairekebisha.

Raundi ya kwanza alisogeza chombo mara nne kwenye penseli, tukiwa tumekaa barazani kwake, saa moja ikatosha. Ya pili niliendesha prompti yenye chombo na isiyo na chombo. Picha aliyochagua ni ile tupu, Kalamu, lakini niliuchora mwanga wa majini kwa kutazama ile yenye chombo kibovu, kwa hiyo bado sijui nani kati yetu alikuwa sahihi.

Matondoni nilikwenda. Nimejaza kurasa kumi na moja za omo peke yake.

Jana nimempelekea raundi ya tatu. Orodha yake ina jambo moja tu: tanga la baba yake lilikuwa na kiraka cha kitambaa cheusi karibu na ncha ya juu ya foromali, na watu wa Shela walilitambua jahazi kwa kiraka hicho kabla hawajaliona jina. Kiraka kimenichukua dakika ishirini. Maji na mbingu havikuguswa.